Fiksi Iliyoiva Mara Nne

Sijui kama ninastahili kuandika habari hii, maana ndani yake mimi ndiye niliyekuwa hakimu, na hakimu akisimulia kesi yake mwenyewe kuna wakati anajipendelea bila kujijua. Nitajitahidi. Elimu yangu ni darasa la saba, na hesabu nilipata kwa bahati, ila nina tabia ya kuandika kila jambo kwenye daftari tangu nilipokuja mjini. Pale mtaani kwetu Kariakoo waliniita Katibu kwa sababu hiyo, na si kwamba kuna chama chochote nilichowahi kuwa katibu wake.

Nauza vifungo, zipu, lastiki na uzi. Kwa miaka mingi meza yangu ilikuwa kwenye baraza ya nyumba moja ya zamani ya bati. Upande wangu wa kushoto alikuwepo mama wa vitenge, mtu wa kusini, wa kule kwenye korosho. Kulia kwangu alikuwepo mangi, yaani Mchaga, mtu wa kule kwenye ndizi, muuza yale mabegi makubwa ya magurudumu. Mama alikuwa mpole mpaka aguswe. Mangi alikuwa mtu mzuri pia, nisije nikamwonea. Alikuwa tu hawezi kuona watu wawili wanafanya jambo bila kuuliza nani amefanya vizuri zaidi.

Mwenye nyumba akaivunja nyumba ajenge ghorofa. Alituambia mwaka mmoja litakuwa limekamilika, na kwa kuwa tulikuwa wapangaji wa zamani, fremu za chini, yaani vyumba vya duka, tutapewa sisi kwanza. Tatizo likawa bei. Fremu moja ilitaka hela ambayo mangi peke yake hana, na mama peke yake hana. Wakakubaliana wachukue moja kwa pamoja, kila mmoja atoe milioni ishirini siku ya kukabidhiwa ufunguo. Mimi sikuhusika. Milioni ishirini naziona kwenye daftari tu nikiziandika za watu.

Wanaojua fremu za Kariakoo wanajua zilivyo. Ni nyembamba kama korido. Anayekaa mbele anaonekana na barabara nzima, anayekaa nyuma anaonekana na anayetafuta choo. Ndipo ugomvi ulipoanzia, hata kabla ya msingi kuchimbwa: nani akae mbele?

Mama alisema mbele ni kwake kwa sababu kitenge kinauzwa kwa macho, mtu anapita hana habari, akikiona anasimama. Mangi akasema begi likikaa nyuma litatokaje? Mteja avute begi la magurudumu juu ya vitenge vya watu? Niliona wote wawili wana haki. Ni ugonjwa wangu huo, wa kuona haki kila upande. Nikapendekeza turushe shilingi. Mangi akanitazama kama nimemtukana.

"Katibu, mimi hela siirushi. Ikitumbukia mtaroni?"

Halafu akapata wazo lake. Kila mmoja alikuwa na hela yake tayari, na wote waliogopa kukaa nayo mwaka mzima maana hela ya nyumbani ina miguu. Walikuwa wameshakubaliana kwenda benki kuiweka fiksi, yaani unaifungia hela kwa muda uliopangwa, huigusi, na benki inakulipa riba. Mangi akasema: "Tunaweka sawa, siku moja, benki moja. Kila mtu achague mwenyewe ataiwekaje. Anayejua kuweka hela ndiye anayejua biashara, na anayejua biashara akae mbele. Kwisha."

Mama akacheka. "Mangi, wewe hata msibani utatafuta nani kalia vizuri."

"Unaogopa?"

"Nani aogope? Katibu, andika."

Nikaandika. Sentensi ile naikumbuka kama jina langu, maana iliniletea tabu: *Ambaye fiksi yake itaiva na hela nyingi zaidi, ndiye atakaa mbele.* Wote wakatia saini. Tukamwomba muuza kahawa awe shahidi, akaweka birika lake chini na kusema, "Msinitie kwenye riba zenu. Mimi nitashuhudia kwamba mlikunywa kahawa, basi." Kwa hiyo shahidi hatukuwa naye. Kwenye mistari ya chini nikaandika kwamba walikunywa vikombe vitatu.

Benki nilikwenda nao, kwa sababu mangi alisema hakimu lazima aone mechi tangu mwanzo. Tulipokewa na binti mmoja mwenye sauti ya taratibu, akamwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba mwanangu, tukakaa. Binti akaeleza. Milioni ishirini, mwaka mmoja, riba asilimia kumi kwa mwaka. Riba ni milioni mbili. Kutoka kwenye riba hiyo serikali inakata asilimia kumi, ambayo ni laki mbili, unabakiwa na milioni moja na laki nane mkononi.

Hapo wote wawili walikuwa sawa. Kisha binti akauliza swali lake.

"Riba mnapenda mlipwe kila robo, au mlipwe mwisho fiksi ikiiva? Benki nyingine wakikulipa kila robo wanapunguza riba kidogo, kwa sababu wanakupa mapema. Sisi kwa sasa asilimia ni ileile."

Niseme ukweli wangu. Niliposikia "kila robo" nilielewa nusunusu. Leo najua alimaanisha robo mwaka, kila miezi mitatu. Lakini siku ile mangi aliniinamia sikioni akaninong'oneza kwa furaha, "Umesikia? Kuna kulipwa robo na kulipwa nzima," na mimi, mtu wa darasa la saba, nikaona amepatia. Nani asiyejua robo? Robo kilo, robo gunia, robo kuku. Robo ni kipande.

Mangi akasema haraka haraka, kabla mama hajafumbua mdomo: "Mimi mwisho. Nataka nzima."

Mama alifikiri kidogo. "Mimi hela nikiifungia mwaka mzima nisiisikie hata ikikohoa, nitaumwa presha. Niwekee kila robo, mwanangu."

"Sawa mama. Ila kumbuka, riba ya kila robo haiingii kwenye fiksi. Inaingia kwenye akaunti yako ya kawaida. Fiksi inabaki milioni ishirini zilezile mpaka mwisho."

"Hamna shida."

Mangi alinikanyaga mguu chini ya meza. Alipotoka nje alikuwa anatembea kama mtu ambaye tayari amekaa mbele.

Nyumba ikawa inajengwa, sisi tukahamia kwenye kibaraza cha mtaa wa pili, tumebanana. Miezi mitatu ikaisha. Asubuhi moja simu ya mama ikalia ujumbe, akanipa nimsomee kwa sababu miwani aliisahau. Benki imekuwekea shilingi laki nne na nusu.

Mangi akaja mbio, akachukua kalamu yangu, akapiga hesabu juu ya boksi la zipu. "Riba ya mwaka milioni moja na laki nane. Gawa kwa nne. Ngapi, Katibu?"

Nikagawa. "Laki nne na nusu."

"Robo!" Akapiga makofi. "Si nilisema? Kaomba robo, kapewa robo. Mimi nachukua nzima. Mama, pole sana. Huko nyuma kwenye fremu nitakununulia feni."

Ukiniuliza, hapo hesabu yenyewe ndiyo ilitupoteza, maana ilitoka sawasawa kabisa. Ingetoka laki tano na senti tungejiuliza. Ilitoka robo kamili. Habari ikazunguka mtaa mzima kwamba mama wa vitenge alikwenda benki akachagua robo ya riba wakati nzima ilikuwepo. Watu wakawa wanapita wanamwangalia kwa huruma. Muuza karanga akamwambia, "Mama, ungetuuliza sisi." Mama mwenyewe alianza kuamini. Alikwenda na ile laki nne na nusu akanunua vitenge vya jumla, akaviuza kwa faida nzuri, lakini hakufurahi.

Miezi mitatu mingine ikaisha, ujumbe ukaja tena. Laki nne na nusu.

Nilisoma mara mbili. Mangi akachukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Wamekosea," akasema kwa sauti ya chini. "Wamekulipa robo yako mara mbili."

"Mungu wangu," mama akasema.

"Usiseme kitu. Ukisema wanaichukua."

"Na wakija kuidai?"

"Ndiyo maana nasema usiiguse."

Mimi nikasema tuende tukaulize. Jambo la haki si ndiyo hilo? Mama akanijia juu. "Mdogo wangu, ukiuliza unawakumbusha. Wewe kaa na vifungo vyako." Nikakaa na vifungo vyangu, ila roho iliniuma. Niliandika kwenye daftari: *Leo tumeficha hela ya benki. Mimi nimeficha kwa kunyamaza.* Wiki iliyofuata sikuvumilia, nikaenda benki peke yangu. Foleni ilikuwa inafika mlangoni. Nikamwuliza mlinzi kwa kuzunguka zunguka, kwamba nina rafiki, aliomba alipwe kila robo, sasa wamemlipa robo mara ya pili. Mlinzi akanitazama.

"Si kila robo?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hivyo. Kila robo."

Nikamshukuru nikaondoka. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja nikitafakari maneno yake na sikupata kitu. Nilifikiri mlinzi naye yumo kwenye siri.

Sasa ikaja shida ya mangi. Mabegi yake yalikuwa ndani ya kontena bandarini, amechangia na wenzake, na wakala wa kuyatoa akataka laki tisa za haraka, la sivyo gharama za kuweka mzigo zitaanza kupanda kila siku. Mangi hela zake zote za kuzungusha zilikuwa zimeshaenda kwenye huo mzigo, na zile nyingine zimelala fiksi. Akaenda benki kuomba akate kidogo tu. Yule binti akamwambia fiksi haikatwi kama mkate. Ukiivunja kabla ya muda unaondoka na milioni ishirini zako, riba unaisahau. Alirudi amejikunja.

Aliona haya kwa siku mbili. Siku ya tatu akamsogelea mama.

"Mama, ile hela ya makosa."

"Ipi?"

"Ile ya benki. Iko?"

"Nusu iko akaunti, nusu iko kwenye vitenge lakini naweza kuitoa. Si ulisema nisiiguse?"

"Usiiguse wewe. Mimi nitaigusa. Wakija kuidai, utasema haipo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akampa laki tisa. Mangi alitoa mabegi, aliyauza yote kabla shule hazijafunguliwa, na akarudisha laki tisa kamili, bila kuchelewa, na kitambaa cha meza juu yake kama shukrani. Nayasema haya kwa sababu ni haki yake kusemwa. Hakukosa uaminifu hata siku moja. Alichokosa ni kujua neno moja la benki, na hilo tulilikosa wote.

Laki nne na nusu ya tatu ilipoingia, hakuna aliyeshtuka. Tulishazoea. Tulichukulia kwamba kuna mtu ndani ya benki ile amekufa usingizi.

Mwaka ukatimia. Ghorofa lilikuwa tayari, lina harufu ya rangi, na mwenye nyumba akatupa siku tatu za kuleta hela na kumwambia nani anakaa mbele, maana fundi wa mageti na fundi wa mashelfu walikuwa wanasubiri kuambiwa wafunge nini wapi. Kwa mama hilo lilikuwa jambo zito. Alishafikisha miaka ya kutochezea. Aliniambia kabisa, "Nikiwekwa nyuma, mdogo wangu, nimestaafu. Nani atapita katikati ya mabegi kuja kuniona?"

Tukaenda benki watatu. Binti yuleyule. Akatoa karatasi mbili akaziweka mezani.

Ya mangi: milioni ishirini na moja na laki nane.

Ya mama: milioni ishirini na laki nne na nusu.

Mangi alinisogezea karatasi zote mbili taratibu kwa kidole, kama mwalimu anayerudisha mtihani.

Mama alikuwa mwekundu wa macho. "Mwanangu," akamwambia binti, "samahani. Kuna jambo la kuungama. Mlinilipa robo mara tatu. Hii ya leo ya nne. Mlikosea. Nilinyamaza."

Binti hakuelewa. Akaulizwa tena, akaeleza tena, na kila mmoja wetu akachangia, mpaka watu wa dirisha la jirani wakaacha kuhesabu. Nilipoona binti amefunika mdomo kwa mkono nikajua kuna kitu.

"Mama," alisema, "robo mwaka. Kila miezi mitatu. Ni robo ya mwaka. Laki nne na nusu mara nne."

Pale mezani nikapiga hesabu tena, safari hii kwa kuzidisha. Laki nne na nusu mara nne, milioni moja na laki nane. Ya mangi, milioni moja na laki nane. Nilirudia mara tatu, kwa sababu sijiamini, na mara zote tatu zilitoka sawa.

"Kwa hiyo hakuna aliyezidi?" nikauliza.

"Riba ni ileile. Karatasi ya mwisho ndiyo tofauti. Yeye amesubiri zote, za kwake zimejikusanya siku moja. Za mama zilikuwa zinatoka njiani, ndiyo maana mwisho kimebaki kipande cha mwisho tu na mtaji."

Mama akashika meza. "Na kama kila walichonipa ningekirudisha fiksi, kwa riba hiyohiyo?"

Binti akabonyeza mashine yake. "Hapo riba nayo ingezaa. Ungempita kwa shilingi elfu sitini na moja na kitu. Ila fiksi yetu inaanzia milioni moja, laki nne na nusu isingekubalika."

"Umesikia, Katibu? Ningempita!"

"Umesikia, Katibu?" mangi akasema. "Isingekubalika!"

Tulitoka nje na kesi ikaanza hapo hapo kwenye ngazi. Nami nikiwa nimeshika daftari.

Mangi alisimamia maandishi. "Soma. Fiksi itakayoiva na hela nyingi zaidi. Sijaandika mimi, umeandika wewe. Yangu imeiva na milioni ishirini na moja na laki nane. Yake milioni ishirini na laki nne na nusu. Nani nyingi?"

"Na nilichopewa njiani?" mama akasema.

"Hicho umekula."

"Kwa hiyo tumbo langu halihesabiwi? Nimekula kitu gani kama si riba?"

"Mkungu wa ndizi, mama, unakatwa siku moja. Ukishakomaa, unakata, unapima. Hivyo ndivyo kuvuna."

"Ndizi ni kwenu. Kwetu korosho. Korosho haidondoki yote siku moja. Leo unaokota, kesho unaokota, miezi inaenda. Sasa nije niambiwe mavuno yangu ni zile zilizodondoka siku ya mwisho?"

Watu wakaanza kukusanyika. Muuza maji akasema mama ana haki. Dereva wa bajaji akasema maandishi ni maandishi. Mama akaongeza kwamba zaidi ya hayo yeye alizipata mapema, akazungusha vitenge, akapata faida, kwa hiyo kwa kweli kazidi. Mangi akasema faida ya vitenge ni ya vitenge, si ya fiksi. Hapo nilikubaliana na mangi. Kisha mama akasema, "Na yale mabegi yako yaliyotoka bandarini kwa robo zangu, faida yake ni ya nani?" Mangi akasema hiyo ni ya mabegi. Nikakubaliana tena, ila niliona kwamba kama hela ya mama isingetoka njiani, mangi angevunja fiksi yake na leo angekuwa na milioni ishirini tupu mkononi. Nilisema hivyo. Mangi akasema, "Lakini sikuvunja." Nalo ni kweli.

Nikaomba siku moja. Niliitumia vibaya, nikigeuza geuza ile sentensi yangu. Kosa lilikuwa la kwangu. Ningeandika "italeta," isingekuwepo kesi. Niliandika "itaiva." Nikafikiri, kwani kuiva ni nini? Ya mangi iliiva mara moja. Ya mama, riba yake iliiva mara nne na kila mara aliokota. Nikijumlisha vilivyoiva vyote, ni sawa. Nikihesabu cha siku ya mwisho tu, mangi kashinda. Sentensi ilikubali zote mbili. Nilitamani iwe ya mtu mwingine ili nimlaumu.

Siku ya pili nikasimama mbele ya fremu, mwenye nyumba akiwepo na mafundi wawili wakiwa wamekalia mifuko ya simenti, nikatoa hukumu. Nilisema ni sare. Nilisema fiksi zote mbili zimeleta milioni moja na laki nane, moja kwa vipande na moja kwa mkupuo, na kwamba kama kuna aliyeumizwa na maneno yangu naomba radhi.

Walinigeukia wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wako upande mmoja.

"Sare!" mangi akasema. "Mwaka mzima tunasubiri hakimu, anatuletea sare!"

"Sasa mbele anakaa nani?" mama akaniuliza. "Hewa?"

"Si ulisema unaandika kila kitu? Umeandika sare ikitokea inakuwaje?" mangi akadakia.

Sikuwa nimeandika. Mwenye nyumba akatazama saa yake. Fundi wa mageti akauliza kama aende kwa mteja mwingine. Mama na mangi wakavutana pembeni, wakanong'ona, mara ya kwanza bila mimi kuandika. Nilimsikia mangi akisema "yeye hana shida na mtu," na mama akisema "na atulipe."

Wakarudi. Mama ndiye aliyesema: "Mbele sitakaa mimi, hatakaa mangi. Utakaa wewe. Meza yako haizidi mita moja, tunakupa hiyo mita ya mlangoni, utatulipa kodi sawa kwa sawa. Nyuma yako ukuta wa kushoto ni wa vitenge, wa kulia wa mabegi, urefu sawa, mteja apite katikati."

"Na asije akasema kuna aliyependelewa," mangi akaongeza, "maana wewe ndiye uliyeona hatuzidiani."

Ndivyo nilivyopata mbele ya fremu ya Kariakoo, mimi nisiyekuwa na fiksi. Mafundi walifunga shelfu kwa kupima na kamba ili pande zisitofautiane hata kidole. Kila mteja anayetaka begi ananiuliza mimi bei, na anayetaka kitenge ananiuliza mimi rangi, na wote wakitoka wananunua zipu.

Ninauza kuliko nilivyowahi kuuza. Na hilo ndilo linalonisumbua. Ile hukumu nilitoa bila kujua mwisho wake, hilo naweza kuapa. Lakini kila ninapohesabu mauzo najiuliza kama niliona sare kwa sababu ilikuwa sare, au kwa sababu mtu wa kuona haki kila upande mwishowe anajikuta amesimama mlangoni. Juzi nilichukua tena kalamu nikapiga hesabu nyuma ya boksi. Laki nne na nusu mara nne. Ilitoka milioni moja na laki nane. Mangi alikuwa anapita na begi akanikuta.

"Bado unahakikisha?" akaniuliza.

"Bado."

Akaiangalia hesabu, akaweka begi chini, akarudia kuzidisha mwenyewe kwa kidole hewani, kisha akaenda kumwita mama naye aje aangalie.